Mume wa Dodoma, Mke wa Dar: Upweke wa Ndoa ya Ijumaa hadi Jumapili

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, kazi inapokwisha katika Mji wa Serikali wa Mtumba, mabegi ya mgongoni yamekwisha kukaa chini ya meza tangu asubuhi. Wenye mabegi hayo hawaelekei kwenye vyumba walivyopanga Dodoma mjini. Wanakwenda nyumbani, na nyumbani kwao ni Tabata, Kimara, Mbagala, Tegeta au Chanika. Wengine watapanda treni ya jioni, wengine basi la usiku, na wengine watajazana wanne kwenye gari la mwenzao na kuchangia mafuta. Jumapili watakuwa njiani tena, safari hii wakirudi kazini.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Watumishi wakaoa na kuolewa hapo, wakajenga, wakasomesha. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, wizara zikafuata, na mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Mafaili yalipakiwa kwenye malori na kufika. Familia hazikuweza kupakiwa hivyo. Mwenza mmoja alikuwa ameajiriwa benki, mwingine ana duka Kariakoo, mwingine ana mama mzazi anayehudhuria kliniki Muhimbili, mwingine ana mtoto aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza shule. Wakasema watengane kwa muda, kisha wataona. Kwa baadhi yao, muda huo haujaisha mpaka leo.

Dodoma si mahali pekee penye ndoa za namna hii. Mwalimu wa Kigoma ana mke Mwanza, mhandisi wa mgodini Geita ana familia Arusha. Lakini kati ya Dodoma na Dar es Salaam jambo hili linaonekana waziwazi, kwa sababu watu walioondoka ni wengi, waliondoka katika kipindi kifupi, na umbali wenyewe unashawishi. Kwa barabara ni kama kilomita 450. Ni mbali mno kwa mtu kwenda na kurudi kila siku, lakini si mbali kiasi cha kumfanya mtu aseme wazi kwamba familia yake imetengana. Ndiyo maana wanandoa wengi hawajihesabu kuwa wanaishi mbalimbali. Husema tu, "Mzee yuko Dodoma, anakuja wikiendi."

Ili kuona upweke unaingilia wapi, tuchukue mfano wa nyumba moja ya Tabata, uliounganishwa kutokana na mambo ambayo wanandoa wengi wa hali hii watayatambua. Mume ni mhasibu wizarani. Mke ni muuguzi katika hospitali ya manispaa. Wana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ana miaka minne.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, nyumba hii ilishangilia. Safari ya basi iliyokuwa ikila siku nzima sasa ikawa ya saa chache, chini ya nne kama hakuna tatizo, kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida. Kwenda na kurudi ni 62,000. Akija kila wiki, kwa wiki nne ni 248,000, kabla ya bajaji, chakula cha njiani na zawadi ndogo ambayo watoto wanaitarajia kila mara mlango unapofunguliwa. Juu yake kuna kodi ya chumba cha Dodoma, na nyumba ya Tabata yenyewe ilijengwa kwa mkopo ambao bado unakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo treni ilifupisha safari bila kuongeza idadi ya safari. Baada ya miezi michache mume akarudi kwenye ratiba yake ya zamani: mara mbili kwa mwezi, na mwezi mbaya mara moja, mshahara ukishatoka.

Hata wikiendi anayokuja, saa zake zinahesabika. Akifika Ijumaa saa nne usiku na kuondoka Jumapili saa kumi alasiri, amekuwa nyumbani kwa saa 42. Toa usingizi wa usiku mbili, zinabaki kama 28. Jumapili kuna ibada, kufunga begi na foleni ya kwenda stesheni. Jumamosi kuna fundi anayesubiri kuonyeshwa bomba linalovuja, kuna kikao cha harusi, na zaidi ya yote kuna misiba. Huyu "mtu wa Dodoma" amekosa misiba mitatu katikati ya wiki, kwa hiyo ukoo unategemea kwamba Jumamosi atapita kote kutoa pole. Asipoonekana, lawama atazipata mkewe, atakayeulizwa na mawifi kama mumewe siku hizi amekuwa mkubwa sana. Na mke mwenyewe ni muuguzi. Ili awe nyumbani wikiendi hiyo ameomba wenzake wabadilishane zamu, na zamu hizo atazilipa kwa kukesha wodini wiki inayofuata. Mwisho wa hesabu, saa ambazo wawili hawa wamekaa peke yao, macho, bila mtoto wala mgeni wala simu ya ofisini, zinaweza zisifike tano.

Watu wa nje hudhani upweke wa ndoa kama hii unakaa Jumatatu hadi Alhamisi. Upo kweli, lakini wanandoa wengi huuzoea. Mume hujua mama ntilie gani anapika vizuri, hujua saa ya kufua, hujua wenzake wa kutazama nao mpira. Mke ana jirani wa kumwachia watoto, ana vikoba, ana kwaya. Upweke unaoumiza zaidi, na ambao watu huona aibu kuusema, ni ule unaotokea Jumamosi, mtu akiwa sebuleni na mwenzake aliyemsubiri wiki mbili, na bado akahisi hayupo naye.

Mwanasosholojia wa Marekani Robert Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu upweke, alitenganisha aina mbili. Kuna upweke wa kukosa watu: jamaa, majirani, kundi la kujumuika nalo. Na kuna upweke wa kumkosa mtu mmoja wa karibu, yule ambaye ukiamka usiku una hofu unaweza kumgusa bega. Hoja yake kubwa ni kwamba aina moja haitibiwi na dawa ya nyingine. Rafiki kumi hawajazi nafasi ya yule mmoja. Hii inaeleza kwa nini mke wa Tabata hukasirika anapoambiwa, "Wewe una bahati, umezungukwa na ndugu." Ni kweli amezungukwa. Anachokikosa hakimo ndani ya ndugu. Mumewe, miezi ya kwanza Dodoma, alikosa vyote viwili kwa pamoja. Baadaye alipata watu, akaambiwa amezoea, na yeye mwenyewe akaamini.

Jambo la kwanza linalokatika ni mazungumzo yasiyo na maana.

Watafiti wawili wa Marekani, Naomi Gerstel na Harriet Gross, walioandika kitabu kuhusu wanandoa wanaofanya kazi miji tofauti mwaka 1984, waliona kwamba watu hawa walilalamikia sana kukosa mazungumzo madogo ya mwisho wa siku. Anayekaa na mwenzake hahitaji kuwa na habari ndipo aongee. Atasema bosi leo alivaa tai ya ajabu, jirani amenunua jogoo anayewika saa nane usiku, mguu unamuuma kidogo. Maneno hayo hayabebi ujumbe wowote, lakini ndiyo yanayomfanya mtu ajue mwenzake yu hali gani. Kwa simu, mambo hayo yanaonekana madogo mno kumpigia mtu. Yanaachwa. Ifikapo Ijumaa yamesahaulika, na waliosahau ni wawili ambao sasa wanakutana wakiwa na habari kubwa tu za kupeana.

Kinachobaki kwenye simu ni matumizi ya nyumbani. Ukitazama simu ya mke wa Tabata kwa wiki moja ya kawaida, utakuta mlolongo huu: Jumatatu, risiti ya ada. Jumanne, "Gesi imeisha." Jumatano, tarakimu ishirini za LUKU alizotumiwa na mumewe kutoka Dodoma, bila neno jingine, na chini yake jibu la mke: "Imeingia. Asante." Alhamisi, bili ya maji. Mume anaamini ametimiza wajibu, na ametimiza kweli. Watoto hawakulala gizani. Lakini siku hiyo ya Jumatano mke alikuwa ametoka wodini ambako mama mmoja alifariki wakati wa kujifungua, na hakuona mahali pa kulitia jambo hilo kati ya gesi na maji.

Hapo unaanza ufichaji, na ufichaji huu hutokana na upendo. Mke hasemi kwamba mdogo alipanda homa usiku wakakimbizana na bajaji hadi hospitali, kwa sababu mume yuko kilomita 450 na atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi? Atamwambia mtoto akishapona. Mume naye hasemi kwamba ukaguzi umemtia matatani kazini, kwa sababu mke ana mzigo wa kutosha. Wikiendi ikifika, wote wawili wanaona ni dhambi kuchafua saa chache walizonazo. Wanakula vizuri, wanacheka na watoto, wanapiga picha. Kila mmoja anamwona mwenzake akiwa amefurahi na anajiambia kwamba mwenzake hana shida. Baada ya miaka miwili ya wikiendi nzuri za namna hiyo, hakuna anayejua mwenzake anaogopa nini.

Dalili yake ni rahisi kuiona: mmoja anapata habari za mwenzake kutoka kwa mtu wa tatu. Mume anasikia kwa shemeji kwamba mkewe aliomba kubadilishiwa wodi. Mke anasikia kwa mke wa mfanyakazi mwenzake kwamba mumewe aliugua malaria wiki nzima, akanywa dawa peke yake chumbani. Habari yenyewe inaweza kuwa ndogo. Kinachouma ni kugundua kwamba yeye hakuwa wa kwanza kuambiwa.

Kisha kuna ugomvi wa Jumapili. Wanandoa wengi wa mfumo huu wanaujua, ingawa kila nyumba hudhani ni yake peke yake. Jumamosi imekwenda salama. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, unazuka ugomvi mkubwa juu ya jambo lisilostahili hata mnuno: shati halijapigwa pasi, chaji ya simu haionekani, kwa nini mtoto amepewa soda. Sauti zinapanda, watoto wanatulia kimya, na saa kumi mume anaondoka wakiwa hawajaagana vizuri. Ndani ya treni anajiuliza kama bado anapendwa. Nyumbani mke anaosha vyombo kwa hasira, na hasira ikiisha anabaki na huzuni.

Mmarekani Kathleen Vestal Logan aliandika mwaka 1987 kuhusu wake wa mabaharia wa jeshi la nchi yake, ambao waume zao huenda baharini kwa miezi mingi. Aliona kwamba safari hiyo ina hatua zake, na kwamba siku chache kabla ya meli kuondoka wanandoa huanza kujitenga wakiwa bado chumba kimoja. Wanagombana kuliko kawaida, kwa sababu kumwacha mtu uliyemkasirikia kunauma kidogo kuliko kumwacha mtu uliye naye karibu. Akirudi, inawabidi waanze tena kuzoeana na kugawana madaraka ya nyumba. Mabaharia hupitia mzunguko huo katika miezi kadhaa. Wanandoa wa Dodoma na Dar wanaupitia wote ndani ya siku mbili: Ijumaa usiku wanaoneana haya kidogo, Jumamosi wanazoeana, Jumapili mchana moyo unaanza kufunga milango kabla begi halijafungwa.

Ugomvi wa aina hii una alama yake. Mada hubadilika kila mara lakini saa haibadiliki. Nyumba inayogombana kuhusu pesa itagombana siku yoyote pesa inapotajwa. Nyumba inayogombana Jumapili saa nane, leo kwa shati na wiki mbili baadaye kwa soda, haigombanii shati wala soda. Wanandoa waliowahi kuligundua hilo husema kwamba kulitaja tu kunapunguza makali. Mke akisema, "Naona tumeanza, na wewe unaondoka saa mbili zijazo," mara nyingi sauti hushuka.

Watoto nao hueleza hali ya nyumba kwa njia yao. Yule mdogo wa miaka minne hulala kitandani kwa mama siku zote za wiki, kwa sababu mama akitoka zamu amechoka na mtoto anaogopa giza. Ijumaa usiku anahamishwa kwenda kwa dada yake, analia, na anamtazama baba kama mtu aliyemnyang'anya mahali pake. Mkubwa akitaka kwenda kucheza, baba akiwa amekaa mlangoni, anampita na kwenda jikoni kumwomba mama ruhusa. Hakuna anayemdharau baba. Nyumba imejipanga kufanya kazi bila yeye, kwa sababu isingejipanga hivyo isingesimama. Na baba anapojaribu kurudisha nafasi yake kwa kutoa amri Jumamosi, kubadilisha saa ya kulala au kumkemea dada wa kazi, anavuruga utaratibu ambao mke amehangaika wiki mbili kuusimamisha na atakaoujenga upya Jumatatu.

Pauline Boss, mtaalamu wa familia aliyechunguza familia za wanajeshi wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba kinachochosha sana familia ni kutojua nani yumo na nani hayumo. Mtu anaweza kukosekana kwa mwili lakini bado akahesabiwa katika kila uamuzi. Na anaweza kuwa hapo kwa mwili, kwenye kochi, akijibu meseji za ofisi, akawa hayupo. Mume wa Tabata ni yote mawili kwa zamu. Wala si yeye tu. Mke anayefika Dodoma kumtembelea hukuta chumba kimoja chenye sufuria mbili, kikombe kimoja na kiti kimoja, na kwa mara ya kwanza anaelewa kwamba huku yeye ndiye asiyekuwemo.

Safari ya namna hiyo, ya mke kwenda kwa mume, ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, na inasikitisha kwamba nyumba nyingi haziifanyi. Sababu zinazotolewa ni nauli ya watu watatu au wanne badala ya mmoja, na kwamba "kule hakuna kitu cha kuona." Kuna vitu vya kuona. Kuna mtaa ambao mume huutaja kwenye simu, kuna mwenye nyumba anayemwita kwa jina ambalo nyumbani hakuna anayelitumia, kuna njia anayopita jioni. Baada ya hapo, mume akisema, "Nimetoka kula pale kona," mke anaiona kona. Wikiendi hiyo pia haina msiba, haina fundi, haina kikao. Kwa wanandoa wa Tabata, likizo ya shule ya siku nne Dodoma iliwapa saa nyingi za kuwa pamoja kuliko miezi miwili ya Jumamosi za Dar.

Mengine yanayosaidia ni madogo vilevile, na yote yanaelekea upande mmoja: kurudisha siku ya kawaida ndani ya ndoa. Wapo waliotenga simu mbili, moja ya matumizi na nyingine ambayo kutaja pesa ni mwiko. Wapo wanaopigiana na kuacha simu wazi huku kila mmoja akipika chakula chake, bila kulazimika kuongea. Wapo waliokubaliana kwamba habari mbaya isemwe siku iliyotokea, hata kama aliye mbali hawezi kufanya lolote, ili Jumamosi isije na mzigo wa wiki nzima. Wapo waliowaambia ndugu waziwazi kwamba wikiendi ya kwanza ya mwezi mlango umefungwa, wakavumilia maneno. Na nyumba nyingi zimeona kwamba begi likifungwa Jumamosi usiku, na tiketi ikishakatwa, Jumapili mchana inapata utulivu kidogo.

Uvumi wa michepuko hauwezi kuachwa, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza ambalo mtaa huuliza. Ipo, Dodoma na Dar vilevile. Lakini mtaa huanza kuhesabu pale mtu wa tatu anapoonekana, wakati shida ilianza mapema zaidi, siku mtu alipopata mwingine wa kumwambia habari za jogoo wa jirani. Mke anayepekua simu ya mumewe kila Ijumaa akitafuta jina la mwanamke hupata picha ndogo sana ya ndoa yake. Angejifunza zaidi kwa kuuliza ni nani mumewe humwambia akipatwa na jambo baya kazini.

Hata hivyo, kuna kiasi ambacho mbinu hizi haziwezi kuvuka, na hapo swali linakuwa la ajira. Mtumishi anapohamishwa kwa manufaa ya umma, kanuni za utumishi zinatambua familia yake: hulipiwa usafiri wake, wa mwenza na wa watoto hadi wanne, pamoja na mizigo. Kanuni hizo haziwezi kumhamishia mwenza kazi yake. Kama mwenza ameajiriwa na kampuni binafsi isiyo na tawi Dodoma, au biashara yake inategemea wateja wa Kariakoo, malipo ya lori hayamsaidii. Anaombwa achague kati ya kipato chake na kitanda kimoja, na katika nyumba yenye mkopo wa ujenzi jibu linajulikana kabla ya swali.

Muuguzi wa Tabata ana njia, kwa sababu naye ni mtumishi wa umma. Anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Ombi hujazwa kwenye mfumo wa ESS, huambatanishwa na cheti cha ndoa na uthibitisho wa kituo cha kazi cha mume, kisha hupita kwa mkuu wake wa kituo na mwajiri wake, ambaye anatazama kwanza pengo litakalobaki. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Wodi yenye wauguzi wachache haina haraka ya kumwachia mmoja, na upande wa pili lazima kuwe na nafasi ya kumpokea. Ndiyo maana walimu na wauguzi hutafutana wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ili wabadilishane vituo: "Niko Dar, natafuta wa Dodoma, kada yangu ni hii." Akipatikana wa kubadilishana naye, pengo hujazwa na ombi huwa jepesi. Na kwa kuwa ameomba mwenyewe, gharama za kuhama ni zake.

Suala la cheti cha ndoa huwakwamisha wasiolitarajia. Wapo waliokaa pamoja miaka kumi, wana watoto na mahari ililipwa, lakini hawakuwahi kuisajili ndoa. Kwa ukoo wao ni mke na mume. Kwa mfumo, hakuna mwenza wa kumfuata. Wanalazimika kurudi nyuma na kusajili kwanza, na miezi inazidi kwenda.

Uhamisho ukikubaliwa, inabaki kazi ambayo watu wengi hawajiandai nayo. Watafiti Laura Stafford, Andy Merolla na Janessa Castle, katika utafiti wa mwaka 2006, walifuatilia wapenzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliokuwa wakiishi mbalimbali. Karibu theluthi moja ya waliohamia mji mmoja waliachana ndani ya miezi mitatu. Hao walikuwa wachumba vijana, hawakuwa na watoto wala nyumba ya mkopo, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kubebwa kama ilivyo hadi Tabata. Sababu walizozitaja, hata hivyo, zinabebeka. Walisema walipoteza uhuru waliouzoea, na waligundua tabia za mwenzao ambazo siku mbili zilikuwa fupi mno kuzionyesha.

Muuguzi akihamia Dodoma, watakutana watu wawili ambao kila mmoja ameendesha maisha yake kwa miaka. Mume aliyezoea kula nje na kurudi saa tatu usiku ataulizwa alikuwa wapi, na swali hilo litamkera hata kama hakuwa na baya. Mke aliyelipa ada, kuajiri dada wa kazi na kubadilisha fundi bila kumuuliza mtu ataombwa risiti. Mdogo hatakuwa tena na kitanda cha mama siku yoyote ya wiki. Waliopita hapo husema miezi ya kwanza walishangaa kujikuta wakiikumbuka Ijumaa, wakadhani ndoa imekufa wakati ndiyo kwanza imepata Jumanne. Wengine walikaa chini wakagawana upya mambo matatu au manne: nani anashika bajeti ya chakula, nani anawapeleka watoto shule, saa ngapi simu za ofisi zinazimwa, na kama ile nyumba ya Tabata inapangishwa au inabaki na vitanda vyake.